Aliyelala hana kesi

"Mama, Rehema alikuwa ameacha kukojoa kitandani zaidi ya mwaka mzima, lakini tangu mwezi uliopita ameanza tena. Ana miaka saba sasa. Baba yake anasema ni uvivu, achapwe kidogo. Wewe ulimwachishaje kaka?"

Mwanangu,

Kaka yako sikumwachisha. Nilichomfanyia ni kitu kingine, na wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka.

Ilikuwa kule Magomeni, kwenye ule uwani wa wapangaji sita. Kaka yako ana miaka minane. Asubuhi moja uvumilivu ukaniisha, nikamwamuru ajitwike godoro mwenyewe, akalianike uwani watu wakiona. Watoto wa wapangaji wakamzunguka wakimwimbia kikojozi. Mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nikijua aibu itamfundisha. Usiku nilipochungulia chumbani, kitandani hayupo. Alikuwa amejilaza sakafuni juu ya mkeka ili godoro lisilowe. Na mkeka umelowa.

Aliyelala hana kesi, mwanangu. Kibofu kinajaa, mtoto yuko usingizini fofofo, ishara ya kumwamsha haimfikii. Utamchapaje mtu kwa jambo lililotokea hana habari? Baada ya kisa kile cha mkeka ndipo baba yako akafungua kinywa: kumbe naye alikojoa mpaka darasa la tano, na jambo hili hurithiwa sana. Miaka tisa ya ndoa ananitazama nafua mashuka, kimya!

Daktari wa watoto tuliyemwendea hakuanza na usiku, alianza na mchana. Mtoto anakunywa maji saa ngapi? Haja kubwa anakwenda mara ngapi? Nikaona haya, sikuwa najua. Kaka yako ndiye aliyejibu. Vyoo vya shule vilikuwa vichafu, kwa hiyo alikuwa hanywi maji wala haendi kukojoa mpaka arudi nyumbani. Jioni ndiyo anafidia kiu ya siku nzima, na usiku chai vikombe vitatu. Haja kubwa alikuwa anapata baada ya siku nne, tena ngumu. Daktari akambonyeza tumbo, akanieleza kwamba choo kikirundikana utumboni hukibana kibofu kilicho mbele yake, kikakosa nafasi ya kujaa vizuri. Akampa dawa ya kulainisha choo, akasema maji anywe asubuhi na mchana, jioni apunguze, chai ya usiku tuiache, na akojoe kabla ya kulala. Nailoni chini ya shuka niliiweka mwenyewe.

Ilichukua kama miezi mitatu, kutoka kila usiku hadi mara moja au mbili kwa wiki. Kilichobaki kiliisha chenyewe alipofika miaka kumi. Sasa ni dawa au ni umri? Wengi huacha kadiri wanavyokua, huenda angeacha tu. Lakini mbona alianza kukauka mwezi uleule choo kilipolainika?

Ila Rehema si kama mjomba wake. Kaka yako tangu azaliwe hakuwahi kukauka, na mtoto wa namna hiyo, kama hana dalili nyingine, hakuna haja ya kukimbizana. Aliyekauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, kuna kitu kimebadilika. Inawezekana ni kuzaliwa kwa huyo mdogo wake tu, na natamani iwe hivyo. Lakini usilimalize hivyo kabla mkojo haujapimwa. Mpeleke wiki hii. Watachovya kijiti kwenye mkojo na majibu yanatoka palepale: kama kuna sukari, kama kuna dalili za yutiai, kama kuna damu. Kabla ya kwenda, mchunguze. Anaamka usiku kutafuta maji? Sketi ya shule imeanza kumpwaya? Anaogopa kukojoa kwa sababu anaumia? Mchana nao anajikojolea?

Kiu kali na kukonda usivilaze hata siku moja, hiyo inaweza kuwa kisukari, na watoto nao hukipata. Akianza kutapika, kulegea au kuhema harakaharaka, ondokeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu mume wako sisemi kitu. Ni mkwe wangu, na nyumba ni yenu. Nilishaandika mistari mitatu hapa nikaifuta. Fimbo aiweke chini, basi. Aliyelala hana kesi. Na mkiwa wawili tu, muulize taratibu mama yake alikuwa anaanika nini asubuhi.

Jana nilimuuliza kaka yako kama analikumbuka lile godoro. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wali umeiva.

Mama