Koma ya kumwita mtu: "thanks, John" na "let's eat, Grandma"

"Wakuu, kwenye meseji fupi za Kiingereza, kipi ni sahihi kati ya 'thanks John' na 'thanks, John'? Na ile ya 'let's eat grandma' watu wanayoisambaza, koma moja inabadilisha nini hasa? Mimi naona maana ni ileile."

Mkuu, kwenye "thanks John" uko sawa, maana haibadiliki. Kwenye hiyo ya bibi inabadilika kabisa, na nadhani najua kwa nini sisi wa Kiswahili huwa hatuioni. Mimi mwenyewe sikuiona mpaka iliponipotezea karibu robo saa ya kikao.

Kilikuwa kikao cha mtandaoni, tuko watu sita. Mwenzetu mmoja, nimwite John, ndiye aliyekuwa anaendesha. Ghafla sauti ikakatika kwangu, simsikii yeyote. Nikaandika haraka kwenye sehemu ya meseji:

"I can't hear John"

Nilikuwa namwambia John kwamba sisikii. Yeye akasoma kwamba mimi simsikii yeye. Akaanza kuhangaika na maiki yake: akaizima na kuiwasha, akachomoa waya, mwisho akatoka kwenye kikao na kuingia upya. Wengine wote walikuwa wanamsikia vizuri tangu mwanzo, ila kwa kuwa nilichoandika kilisema tatizo ni John, walimsubiri atengeneze. Kumbe shida ilikuwa spika zangu. Kama ningeandika "I can't hear, John", mtu wa kwanza kusoma angeniambia nikague upande wangu.

Sasa ziweke hizo sentensi mbili kwa Kiswahili. Ya kwanza ni "Simsikii John". Ya pili ni "Sisikii, John". Umeiona hiyo "m"? Kiswahili kinamwingiza mtendwa ndani ya kitenzi chenyewe. Ukisema "sisikii", msikilizaji anajua tayari kwamba jina litakalofuata ni la mtu anayeitwa, hata usipoweka koma. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi hiyo. "Hear" inabaki "hear" iwe unamsikia mtu au unasikia tu, na jina likikaa mara baada yake msomaji analichukua kuwa ndilo linalotendwa. Koma ndiyo inayofanya kazi ya kulitenga. Kwa hiyo mtu aliyezoea lugha ambayo kitenzi chake kinajieleza, anapoandika Kiingereza anaiacha koma bila kuhisi kwamba kuna kitu kimepotea.

Ya bibi ni hivyo hivyo. "Let's eat, Grandma" ni "Tule, Bibi", mjukuu anamkaribisha bibi yake mezani. "Let's eat Grandma" ni "Tumle Bibi". Ndiyo maana watu wanaicheka. (Herufi kubwa kwenye "Grandma" pia ina sababu yake: hapo neno limetumika badala ya jina la mtu. Ukisema "my grandma" inarudi kuwa ndogo.)

Kipimo ninachotumia tangu siku ile ni hicho. Kabla ya kutuma, naisema sentensi kwa Kiswahili. Kama kitenzi changu kimedai "m" au "mw", jina ni la mtendwa na koma haitakiwi. Kama kitenzi kimesimama bila hiyo, na jina ni la ninayeongea naye, koma inakuja. "Can you help Peter?" ni "Unaweza kumsaidia Peter?", yaani namuuliza mtu mwingine. "Can you help, Peter?" ni "Unaweza kusaidia, Peter?", yaani namuuliza Peter mwenyewe. Fikiria swali hilo liko kwenye kundi la watu kumi: bila koma, Peter atakaa akisubiri kusaidiwa, na wewe utakaa ukimsubiri Peter. "I don't know John" ni "Simjui John", na "I don't know, John" ni "Sijui, John". Hiyo ya kwanza, ukimwandikia John mwenyewe, inaweza kumuumiza.

Ukitaka kuhakikisha kwa njia ya pili, lihamishe jina lianze. "John, I can't hear" ina maana ileile uliyokusudia? Basi jina ni la kuitwa, na popote litakapokaa linahitaji kutengwa. Likiwa mwanzoni, koma inalifuata. Likiwa mwishoni, koma inalitangulia. Likiwa katikati linahitaji koma mbili: "I think, John, your file is missing." Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuweka moja tu upande mmoja, "I think, John your file is missing", na hapo sentensi inakatika vibaya kuliko kama usingeweka kabisa.

Hatari ipo kwenye vitenzi vinavyoweza kusimama peke yake na pia kubeba mtendwa: "eat", "hear", "help", "know", "call", "ask", "understand". Kitenzi kama "go" au "come" hakina hatari hiyo. "Let's go Grandma" haina maana ya pili, imekosa koma tu. "Thanks John" nayo iko kundi hilo, kwa sababu "thanks" hapo inasimama kama "asante" yetu, haimbebi mtu. Kwenye meseji za marafiki wengi huiacha koma na hakuna anayepotea. Kwa kanuni ya uandishi, "Thanks, John" ndiyo sahihi, na kwenye barua ya kazi au maombi mimi siiachi. Kanuni hiyo haihusu majina pekee: "Thank you, everyone", "Good morning, sir", "Happy birthday, my friend", wote hao wanaitwa.

Ila angalia usije ukaimwaga kila penye jina. "John, is late" ni kosa, kwa sababu John hapo haitwi, anasemwa. Na kuna jozi moja inayofaa kuisoma polepole: "John, the driver is here" inamwambia John kwamba dereva amefika. "John, the driver, is here" inasema John, ambaye ndiye dereva, amefika. Koma ya pili imemgeuza John kutoka anayeambiwa hadi anayesemwa.

Najua swali linalofuata litakuwa la salamu za barua pepe, kwa hiyo nalijibu hapa hapa. "Dear John," haina koma katikati, kwa kuwa "dear" inamsifu John, kama "mpendwa John". Ni fungu moja na jina. "Hi" ni salamu inayojitegemea, kwa hiyo kanuni kali inataka "Hi, John". Lakini kwa kuwa koma nyingine inakuja baada ya jina kabla ya kushuka mstari, waandishi wengi wanaiacha ile ya kwanza na kuandika "Hi John," na imekubalika hata maofisini. Mimi pia naandika hivyo. Hapo hakuna kitenzi cha kumbeba John, hivyo hakuna wa kumwelewa vibaya.