Grover inatoa majibu mawili badala ya moja

Swali: Najifunza Grover, algoriti ya kutafuta ya kompyuta ya kwanta, kwa biti tatu a, b, c, na jibu ninalotafuta ni 111. Orakeli nimeijenga kwa Toffoli mbili na kyubiti msaidizi moja, w. Nikiingiza pembejeo moja moja inajibu sawasawa, ila nikiendesha mzunguko mmoja wa Grover, 110 na 111 zinatoka sawa, kama asilimia 41 kila moja. Kasoro iko wapi?

Jibu: Toffoli zako mbili ziko sawa. Inayokosekana ni ya tatu.

AND ya kawaida hupoteza habari: ikitoa 0, huwezi kujua kama ziliingia 00, 01 au 10. Saketi ya kwanta haikubali hilo, kwa kuwa kila lango lake lazima liweze kurudishwa nyuma. Toffoli inakwepa tatizo kwa kugeuza biti ya tatu pale tu mbili za kwanza zikiwa 1, na zile mbili inaziacha zilivyo. Ukianza na w ikiwa 0, lango la kwanza linaiachia a·b. Lango la pili linatumia w na c kuigusa t, kyubiti ya jibu uliyoiandaa katika hali ya |−⟩, na 111 inapata alama ya kutoa. Kazi imekwisha, lakini w bado inakumbuka a·b.

Kwa pembejeo moja, kumbukumbu hiyo haidhuru kitu. Ndiyo maana majaribio yako yalipita. Ndani ya Grover pembejeo zote nane zipo kwa pamoja, na w inazigawa: sita zina w=0, wakati 110 na 111 zina w=1. Amplitudi za makundi hayo haziwezi tena kujumlishana wala kufutana.

Weka pembeni √8 inayogawa kila amplitudi, tupige hesabu. Hatua ya kusambaza hugeuza kila amplitudi x kuwa mara mbili ya wastani, toa x. Kundi la w=1 lina +1 na −1, wastani 0, kwa hiyo zinabadilishana alama tu. Kundi la w=0 lina wastani wa 6/8, na nafasi za 110 na 111, zilizokuwa tupu, zinapata 1.5 kila moja. Uwezekano wa 111 ni (1 + 2.25)/8, yaani 13/32, na wa 110 ni huo huo. Hiyo ndiyo asilimia 41 yako. Orakeli safi ingeipa 111 peke yake 25/32, kama asilimia 78.

Andika hivi:

```
qc.ccx(a, b, w)
qc.ccx(w, c, t)
qc.ccx(a, b, w)
```

Toffoli ikirudiwa inajifuta yenyewe, na a na b hazijabadilika, kwa hiyo w inarudi 0 bila kuigusa t. Usijaribu njia ya mkato ya `reset`: hiyo huificha kumbukumbu ya w usiione, lakini mgawanyiko unabaki. Na unapojaribu pembejeo moja moja, isome w pia mwishoni. Lazima iwe 0 kwa zote nane.