Kishikio cha chooni: kutoboa ukuta au kubandika?

"Mama akinyanyuka chooni anashika kichuma cha kutundikia taulo. Nimnunulie vishikio vya kubandika kwa mpira, nisitoboe ukuta?"

Hapana, ndugu, usimwachie mama vya mpira. Hewa huingia taratibu, hasa mpira ukikalia mstari kati ya vigae, na kishikio kinabanduka siku atakapokiegemea kwa uzito wote. Toboa. Kama ni ukuta wa tofali au zege, weka skrubu za chuma kisichoshika kutu pamoja na plagi zake, na hakikisha zimezama kwenye tofali lenyewe, siyo kigae na plasta tu. Ugonge kwanza: ukilia wazi kama kopo, ni ukuta wa bodi, hapo lazima fundi atafute mbao za ndani au aongeze ubao nyuma. Akimaliza, wewe mwenyewe uning'inie kabla mama hajakigusa.

Mahali usikisie. Mkalishe, mwambie anyanyuke, uweke alama pale mkono wake unapokwenda wenyewe.

Wapo wanaosema kiti cha kuongeza urefu wa choo kinatosha bila kishikio; wamepata nusu. Kinasaidia magoti kweli, ila pima kwanza kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti akiwa na ndala zake. Kikizidi hapo, nyayo zinaelea na anateleza mbele.

Kama unawazia pia bafu lisilo na kizingiti, hilo ni suala jingine, maana sakafu inabidi ivunjwe ipate mteremko. Anaogea amesimama au amekaa?