Nilihesabu hisa milioni 34, kumbe zilikuwa milioni 147

Wiki iliyopita msomaji mmoja kutoka Eldoret aliniandikia: "Kaka, kampuni niliyo na hisa zake inanunua kampuni ndogo kwa kutoa hisa mpya. Hakuna pesa inayotoka. Mbona basi watu wananung'unika?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nikashindwa, kwa sababu swali hilo liliwahi kuniaibisha mbele ya watu kumi na wanane, na mpaka leo sijapona vizuri.

Ilikuwa 2019. Chama chetu hapa Mombasa kilikuwa na hisa za KCB, na KCB ilikuwa imetangaza kuichukua Benki ya Taifa ya Kenya, NBK, kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za NBK kwa hisa 1 ya KCB. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa Profesa, basi nikaagizwa nilete hesabu Jumapili. Usiku wa Jumamosi nikafungua tovuti ya soko la hisa, nikaona NBK ina hisa milioni 338.8, nikagawanya kwa 10. Hisa mpya za KCB: milioni 34 hivi. KCB yenyewe ilikuwa na hisa milioni 3,066. Ongezeko la asilimia moja tu! Nikachapisha karatasi, nikaingia kikaoni kifua mbele.

Mweka hazina wetu, mama mmoja mstaafu asiyependa maneno mengi, aliisoma karatasi yangu hadi mwisho. Kisha akachomoa kalamu kwenye kilemba chake, akazungushia duara ile 338.8. "Profesa," akasema, "na zile za Hazina umezificha wapi?"

Sikumwelewa. Yeye alikuwa amesoma waraka wa ofa. Mimi nilikuwa nimesoma bei sokoni.

NBK ilikuwa na hisa nyingine bilioni 1.135, hisa za upendeleo zilizoshikwa na Hazina ya Taifa na NSSF. Hazikuwa zikiuzwa sokoni, kwa hiyo hazikuonekana pale nilipotazama. Mpango ulitaka zigeuzwe kwanza kuwa hisa za kawaida, ndipo zibadilishwe pamoja na zile nyingine. Jumla bilioni 1.47, ukigawanya kwa 10 unapata hisa mpya milioni 147. Idadi ya kweli ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile niliyoileta. Kicheko cha siku ile nakisikia hadi leo, na jina la Profesa likafa pale pale.

Basi ndugu yangu wa Eldoret, la kwanza ni hilo: usihesabu hisa zinazoonekana sokoni, hesabu zitakazokuwapo siku mpango utakapokamilika. Tafuta hisa za upendeleo, deni linaloweza kugeuzwa hisa, na hisa walizoahidiwa wafanyakazi. Mwenye kiburi hatafuti, nami nilikuwa nacho cha kutosha.

Sasa hesabu yenyewe. Faida ya KCB ya 2018 baada ya kodi ilikuwa karibu shilingi bilioni 24, sawa na shilingi 7.83 kwa kila hisa. Tuseme NBK haileti hata senti. Kwenye karatasi ya kompyuta, kwa mamilioni, unaandika:

```
=23995/(3066+147)
```

Inatoka 7.47. Keki ni ile ile, walaji wameongezeka, na kila hisa imepoteza senti 36. Huko ndiko kuzimuliwa kwa faida ya kila hisa, kama mchuzi ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamefika.

Kiasi gani kingeuzuia mchuzi usipungue ladha? Zidisha hisa mpya kwa faida ya zamani ya kila hisa: milioni 147 mara 7.83, unapata shilingi bilioni 1.15 kwa mwaka. NBK ikileta zaidi ya hapo, faida ya kila hisa ya mwenye KCB inapanda. Ikileta pungufu, inashuka. Benki yenyewe wakati ule ilikuwa ikihangaika na mikopo mibovu na mtaji mdogo, na faida yake haikuwa hata karibu na kiasi hicho. Kwa hiyo mwanzoni kuzimuliwa kulikuwa wazi, na aliyekubali alikuwa akinunua matumaini ya baadaye: wateja, matawi, na kupunguza gharama zinazojirudia.

Msomaji anasema hakuna pesa inayotoka. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Chukua bei ya mfano ya shilingi 40 kwa hisa ya KCB. Hisa mpya zote zina thamani ya karibu bilioni 5.9. Kiasi hicho kingelipwa taslimu, na fedha hizo zilikuwa zikileta riba ya, tuseme, asilimia 10, mwenye hisa angepoteza milioni 590 kabla ya kodi, au milioni 413 ukiondoa kodi ya asilimia 30. Linganisha na bilioni 1.15. Hisa inayouzwa kwa mara tano tu ya faida yake ni sarafu ghali mno kununulia kitu! Kampuni ambayo hisa yake inauzwa kwa mara 20 ya faida ingekuwa na hadithi tofauti kabisa. Ila kwa benki kuna sababu nyingine: taslimu ikitoka mtaji hauongezeki, hisa mpya zinauongeza, na benki iliyokuwa ikichukuliwa ilihitaji mtaji kuliko kitu kingine.

Mwaka ulipoisha nilidhani nimepata nafasi ya kulipiza. KCB ilitangaza faida ya shilingi 8.11 kwa kila hisa, kutoka 7.83. Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na alama tatu za mshangao. Mama yule akajibu kwa neno moja: "Wastani."

Mpango ulikamilika karibu na mwisho wa robo ya tatu, kwa hiyo hisa mpya zilihesabiwa kwa miezi mitatu hivi tu. Kigawanyo kikawa wastani wa hisa milioni 3,103, si 3,213. Chukua faida ya 2019, bilioni 25.17, uigawanye kwa hisa zote zilizokuwapo siku ya mwisho wa mwaka: inatoka 7.83, ile ile ya mwaka uliotangulia. Kwa haki, faida ya NBK nayo ilihesabiwa kwa miezi hiyo michache tu, kwa hiyo 7.83 nayo si ukweli wote. Lakini alama zangu tatu za mshangao hazikuwa na msingi.

Na usiende upande wa pili pia. Mwaka 2020 faida kwa kila hisa ilishuka hadi 6.10, na wenzangu wakapiga kelele kwamba ni NBK imetuzimua. Nilirudia hesabu kwa hisa za zamani milioni 3,066: ingekuwa 6.39. Hisa mpya zilichukua senti 29 kati ya zaidi ya shilingi mbili zilizopotea. Sehemu kubwa ilikuwa fedha zilizotengwa kwa mikopo iliyoyumba wakati wa korona. Safari hii nilipeleka karatasi kwa mweka hazina kabla ya kikao. Alichukua kalamu, akaishika juu ya karatasi kwa muda mrefu, akairudisha kwenye kilemba.

Kaka wa Eldoret, nitumie waraka wa ofa. Si picha ya bei, waraka.