Nani abaki, nani atolewe kwenye dodoso?

"Nina maswali 20 ya mizani ya 1 hadi 5. Nitoe walioacha nafasi tupu tu?"

Hapana, mzembe mara nyingi hujaza kila kitu. Kabla ya kugeuza alama za maswali ya kinyume, tafuta kwa kila mtu mfululizo mrefu zaidi wa jibu lilelile. Aliyeweka 4 kote, akakubali "wahudumu wananisikiliza" na pia "wahudumu hawanisikilizi", mwandikie ONDOA. Mfululizo wa 10 bila kujipinga ni KAGUA: angalia muda aliotumia, maana huenda kweli ameridhika. Aliyeruka matatu na mengine kayajibu kwa mantiki ni SAWA.

— Kwangu wanajaza wadodosaji.

Basi hesabu KAGUA kwa kila mdodosaji. Zikirundikana kwa mmoja, wapigie simu wahojiwa wake uhakikishe kama kweli walihojiwa.