Invoisi ya asilimia 70, na namba ya HS ya muuzaji: vinavyokwamisha kontena

Mteja wangu mmoja wa Kariakoo aliagiza kontena la vyombo vya jikoni kutoka Guangzhou kwa bei ya dola 24,000. Muuzaji alitaka asilimia 30 kwanza, dola 7,200, ndipo kiwanda kianze kazi. Zilizobaki, dola 16,800, zililipwa kabla ya meli kuondoka. Invoisi iliyokuja na mzigo ikasomeka dola 16,800. Karani wa muuzaji aliandika deni lililokuwa limebaki, na kwa hesabu zake hakukosea kitu. Kwa forodha, hiyo ni thamani iliyopunguzwa.

Makosa mengi ninayoyaona katika kazi ya uwakala wa forodha yana sura hii. Yanazaliwa siku ya kuagiza, yanaonekana miezi miwili baadaye Dar es Salaam, na wakati huo siku za bure za kontena zimeshaanza kuhesabika.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la nne, inaanza na bei iliyolipwa au itakayolipwa kwa ajili ya bidhaa. Maana yake ni malipo yote, iwe umeyalipa kwa awamu au kwa mkupuo. Juu ya bei hiyo zinaongezwa gharama nyingine, zikiwemo nauli ya meli na bima mpaka bandari yako. Ndiyo maana tunazungumzia CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli.

Rudi kwa yule mteja. Mbali na yale malipo ya awali, kulikuwa na vitu viwili ambavyo hakuvitaja kwa sababu hakudhani vinahusu forodha. Alikuwa amelipa dola 1,500 za kalibu ya kutengenezea mifuniko yenye nembo yake. Tena alinunua kwa bei ya getini kiwandani, kwa hiyo dola 400 za kusafirisha mzigo hadi bandari ya China alimlipa mtu mwingine. Nauli ya meli ilikuwa 3,200 na bima 120. Kwa invoisi ile, thamani ingetangazwa kuwa dola 20,120. Thamani halali ilikuwa 29,220. Tuchukulie mzigo wote unatozwa ushuru wa asilimia 25: pengo la ushuru peke yake ni dola 2,275, kabla hujagusa VAT, ambayo huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru.

Ofisa hugunduaje? Kwa kawaida hahitaji ujanja mkubwa. Analinganisha bei ya chombo kimoja na kumbukumbu za mizigo inayofanana iliyopita karibuni, akiona iko chini sana anauliza. Akiomba uthibitisho wa malipo, ukampelekea karatasi za benki zinazoonyesha dola 24,000 na invoisi inayosema 16,800, umejikamatisha mwenyewe. Akishakuwa na shaka ya haki na ukashindwa kuiondoa, ana ruhusa ya kuacha bei yako na kwenda njia zinazofuata: kwanza thamani ya bidhaa ileile ya mwagizaji mwingine, kisha ya bidhaa inayofanana nayo, na kuendelea. Hapo thamani inaweza kupanda kupita hata ile uliyolipa kweli, na huna karatasi safi ya kubishia.

Kuna mtego mwingine wa jamii hiyohiyo ambao wazoefu nao hunaswa. Kontena lililopita lilikuja na vyombo vilivyovunjika, muuzaji anakufidia kwa kukata dola 2,000 kwenye mzigo huu. Hilo halihesabiwi kuwa punguzo la bei. Ni deni la zamani linalolipwa kwa mzigo mpya, na thamani ya mzigo huu inabaki ile ya kabla ya kukatwa. Punguzo la kununua kwa wingi, lililokubaliwa na kuandikwa kabla ya mzigo kufika, hilo halina neno.

Sasa namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa. Invoisi ileile iliandika mstari mmoja, “vyombo vya jikoni”, na namba moja ya sufuria za chuma kisichoshika kutu, 7323.93. Ndani ya kontena kulikuwa na sufuria hizo kweli, lakini pia sufuria za alumini ambazo ni 7615.10, vyombo vya plastiki vya mezani 3924.10, chupa za chai 9617, blenda 8509.40 na majiko ya umeme ya kupikia wali 8516.60. Chupa ya chai ndiyo hupotosha wengi. Ina ganda la chuma, lakini kwa kuwa inatunza joto kwa ombwe lililo kati ya kuta zake mbili, imepewa kichwa chake katika sura ya 96. Chupa ya chuma ya ukuta mmoja inabaki 7323.

Utasikia watu wakisema kama kiwango cha ushuru ni kilekile, namba haina shida. Ina shida. Namba ndiyo inayouambia mfumo vibali gani vidaiwe, na blenda ina masharti ya viwango vya umeme ambayo sufuria haina. Mzigo wenye blenda zilizotangazwa kama sufuria ukifunguliwa kwa ukaguzi, hoja inahama kutoka kodi kwenda bidhaa ambayo haikutangazwa. Kusubiri huko ni kurefu zaidi.

Namba ya muuzaji nayo isichukuliwe kama ilivyo. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima. Zinazofuata kila nchi hujipangia, na huku kwetu jumla ni nane. Wauzaji wengine huchagua namba kwa kuangalia marejesho ya kodi wanayopata kwao wakisafirisha nje. Uliza pia wanatumia toleo gani, maana la mwaka 2022 lilihamisha vitu vingi. Paneli za sola, kwa mfano, zilitoka 8541.40 zikaenda 8541.43.

Ninachowataka wateja wangu wafanye ni kunitumia rasimu ya invoisi na orodha ya vifurushi kabla salio halijalipwa, wakati muuzaji bado anakuhitaji na atarekebisha bila kununa. Invoisi ionyeshe bei kamili, kisha awali iliyolipwa, kisha salio. Kalibu iwe na mstari wake. Kila aina ya bidhaa iwe na mstari wake pia, ikitaja imetengenezwa kwa nini, inafanya kazi gani, inatumia umeme au hapana, idadi na uzito. Kwa bidhaa yenye utata unayoiagiza mara kwa mara, omba uamuzi wa awali wa TRA kuhusu namba yake kabla ya kuagiza. Peleka picha, maelezo ya kiufundi na sampuli ikiwezekana.

Na kama hoja ya forodha imeshatoka, usikimbilie kulipa tofauti ili mzigo utoke tu. Sheria, kifungu cha 122, inakupa haki ya kuomba kwa maandishi uelezwe thamani ilifikiwaje, na ya kuchukua mzigo kwa kuweka dhamana wakati mjadala wa thamani unaendelea. Wachache huitumia, na dhamana mara nyingi ni nafuu kuliko tozo za kontena. Usiporidhika na uamuzi, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 za kumwomba kamishna aupitie upya. Kilichoamuliwa kwenye mzigo huu kitawekwa mezani mzigo ujao wa bidhaa hiyohiyo, kwa hiyo barua hizo zitunze pamoja na karatasi za benki. Forodha wanaweza kuziulizia mpaka miaka 5 baada ya mzigo kuingia.