Kijana wa Watu Bado Anasubiri Jibu

*Shangazi, shikamoo. Nasoma mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Tanga. Kuna kaka niliyempenda tangu mwaka wa kwanza. Makundi ya kazi za darasani hupangwa upya kila muhula, lakini kila mara tunajikuta pamoja. Anacheka na wasichana wote, nikifika mimi ananyamaza na kushika simu. Nikajua ananidharau, nami nikamkaushia. Mwezi uliopita darasa zima tulikwenda Mapango ya Amboni. Kule ndani akanishika mkono nisianguke, na kwenye basi la kurudi akaniambia amenipenda siku zote, ila alidhani ninaringa. Mwanaume aliyeshindwa kusema miaka miwili atanifaa kweli? Au ananidanganya? Mwenye Mashaka*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole yenyewe inaishia hapo, maana unamshitaki mwenzio kwa kosa lako. Yeye alinyamaza miaka miwili. Wewe ulisema lini? Hilo neno "nikamkaushia" umeliruka kama dimbwi la mvua. Ulipomjibu salamu huku unamtazama mwingine, ulitaka aelewe nini?

Eti "tunajikuta pamoja". Nani alikuwa anaandikisha majina? Asiyekutaka angecheka nawe kama anavyocheka na hao wengine, kwa kuwa hana cha kupoteza. Anayepoteza ulimi kwako peke yako ndiye wa kumtazama mara mbili. Sisemi kila kimya ni mapenzi, wapo wanaonuna kwa chuki. Lakini mwenye chuki akipata mlango anatoka, na huyu alifunguliwa mlango kila muhula akabaki.

Haya hukaa machoni. Darasani mnatazamana na wambea wamewazunguka. Amboni mnafuata tochi ya mwongozaji, pengine mnainama, kila mmoja anaangalia anapokanyaga. Uso wa mwenzio huuoni, na mkono unapata sababu. Ila tambua kwamba gizani hakusema neno. Alisema kwenye basi, kweupe, wenzenu wakiwa viti vya nyuma. Mwongo angechagua giza.

Nyie vijana wa leo mna tatizo moja. Zamani mtu aliweza kuwa na haya zake kwa raha, kwa sababu mshenga alikwenda kumsemea. Mmemfukuza mshenga, mkasema ni mambo ya kizamani, halafu haya mkabaki nazo. Sasa nani aseme? Mficha uchi hazai.

Atakufaa au hatakufaa, hilo utalijua mkishaongea kama watu wazima, na hujafika huko. Barua yako ndefu haina hata mstari mmoja wa ulichomjibu kwenye basi. Nadhani uligeukia dirishani. Kijana wa watu sasa hivi yuko hosteli, ameshajihesabu kuwa amekataliwa. Mpigie leo umwambie na wewe ulimpenda tangu mwaka wa kwanza. Mpigie kwa sauti, mwanangu, usiandike ujumbe; nakujua, utaufuta.